Amepona, lakini sindano haziishi: kwa nini mtoto aliyeugua homa ya baridi yabisi huchomwa penisilini kwa miaka mingi

Katika kliniki za moyo kuna swali ambalo wazazi huliuliza karibu kila siku, wengine kwa sauti na wengine kwa kuacha tu kuja. Mtoto alilazwa kwa homa na maumivu ya viungo, akatibiwa, akapona, akarudi shuleni na kucheza mpira kama wenzake. Kisha mzazi anaambiwa kwamba mtoto huyu atachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka kumi, au mpaka afikishe umri wa miaka 21, na pengine mpaka miaka 40. Mzazi anajiuliza: kama amepona, sindano hizi zinatibu nini? Na kama hajapona, mbona anakimbia?

Jibu fupi ni kwamba sindano hizi hazitibu ugonjwa uliopita. Zinazuia maambukizi ya koo yajayo, kwa sababu mwilini mwa mtoto huyu maambukizi hayo yana hatari ambayo hayana kwa mtoto mwingine.

Kwanza tulisafishe jina. Watu wengi wakisikia "baridi yabisi" humfikiria bibi mwenye magoti yanayomuuma msimu wa mvua. Huo ni ugonjwa mwingine. Homa ya baridi yabisi, ambayo baadhi ya wahudumu wa afya huiita homa ya rumatiki, ni ugonjwa ambao kwa kawaida huanza kati ya miaka 5 na 15, na chanzo chake ni koo. Kuna bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A, ambaye ni mmoja wa wasababishaji wa mafindofindo. Mtoto huumwa koo siku chache, hupata nafuu hata bila dawa, na nyumbani jambo linasahaulika. Wiki mbili au tatu baadaye goti linavimba na kuwaka moto, kisha maumivu yanaliacha goti na kuhamia kwenye kifundo cha mguu, kisha kwenye kiwiko. Wengine hupata hali ya mikono na uso kuchezacheza bila hiari, mwandiko unaharibika, vikombe vinamponyoka, na si mara chache familia huambiwa kwamba mtoto ana pepo. Kwa wengi, wakati huohuo moyo nao unaguswa, ingawa mtoto mwenyewe huenda asihisi kitu chochote kifuani.

Ni muhimu kuelewa kwamba wakati viungo vinapovimba, bakteria hawamo ndani ya viungo wala ndani ya moyo. Wanaoshambulia ni kinga ya mwili wenyewe. Wafikirie walinzi wa mtaa walioelezwa kwamba mwizi amevaa shati jekundu lenye mistari. Wanamsaka, lakini katika mtaa huo wamo wenyeji wenye mashati yanayofanana na hilo, na kipigo kinawaangukia wao pia. Sehemu za ganda la streptokokasi zinafanana na protini zilizomo kwenye misuli ya moyo, kwenye vali zake, kwenye viungo na hata kwenye sehemu fulani ya ubongo. Kinga iliyojifunza kumshambulia bakteria inawapiga na wenyeji.

Viungo hupona kabisa. Aspirini au dawa nyingine ya aina hiyo hutuliza maumivu ndani ya siku chache, na goti halibaki na kilema. Hapa ndipo familia nyingi hupotea, kwa sababu kilichokuwa kinaonekana kimekwisha. Vali za moyo hazina bahati hiyo. Vali ni kama milango myepesi inayofunguka upande mmoja ili damu ipite na isirudi nyuma. Inayoumia zaidi ni ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, iitwayo mitrali. Baada ya shambulio la kwanza inaweza kuwa na uvimbe mdogo tu, damu inavuja kidogo, na kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kinaonyesha uvujaji ambao mtoto hausikii. Uvimbe ukipoa unaacha kovu. Shambulio la pili linaweka kovu juu ya kovu, la tatu linafanya vivyo hivyo, mpaka kingo za mlango zinakuwa nene, zinashikana na kukakamaa, haufunguki vizuri wala haufungi. Ndipo anapokuja kijana wa miaka 19 anayelala kwa mito mitatu kwa kukosa pumzi, au mama mjamzito ambaye hakuwahi kujua kwamba ana tatizo la moyo mpaka mimba ilipofika miezi sita. Zaidi ya watu milioni 40 duniani wanaishi na madhara haya ya moyo, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo, zikiwamo zetu za Afrika Mashariki.

Sasa turudi kwenye swali la mzazi. Kinga ya mwili ina kumbukumbu ndefu, na ndiyo maana mtu akishaugua surua haugui tena. Kumbukumbu hiyohiyo, inayotusaidia mahali pengine, hapa ni mzigo. Miongoni mwa watu ambao hawajawahi kuugua homa ya baridi yabisi, wanaopata mafindofindo ya streptokokasi bila kutibiwa huishia kwenye ugonjwa huu kwa kiwango kisichozidi asilimia 3, na mara nyingi ni chini sana ya hapo. Kwa aliyekwisha kuugua mara moja, maambukizi mapya ya koo yanaweza kuuamsha ugonjwa kwa kiwango kinachofikia takribani nusu. Walinzi wamekwisha kuwajua wenyeji kwa sura, na sasa wanawaendea moja kwa moja.

Hapo mzazi makini atauliza swali la pili, na ni swali zuri: kwa nini tusisubiri aumwe koo ndipo tumpe dawa? Kwa mtoto ambaye hajawahi kuugua, njia hiyo inafaa. Penisilini ikianza ndani ya siku tisa tangu koo kuanza kuuma, huzuia shambulio la kwanza. Kwa aliyekwisha kuugua, njia hiyo ina matundu mawili. Tundu la kwanza ni kwamba maambukizi mengi ya koo hayaumi. Ukiwauliza wagonjwa wanaolazwa kwa homa ya baridi yabisi kama waliumwa koo wiki zilizotangulia, wengi hawakumbuki kitu kama hicho, na hawasemi uongo. Tundu la pili ni kwamba hata koo likiuma na likatibiwa sawasawa, kinga yenye kumbukumbu huenda imekwisha kuamka kabla dawa haijamaliza kazi. Ndiyo maana kwa mtoto huyu bakteria hatakiwi kupata nafasi ya kukaa kooni hata kwa siku chache. Dawa inatakiwa iwe imetangulia kufika.

Dawa yenyewe ni benzathini penisilini, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni penisilini ileile ya zamani, ila imeunganishwa na kitu kinachoifanya isiyeyuke upesi. Aliyewahi kupika kwa chumvi ya mawe anajua tofauti yake na chumvi laini: laini inapotea ndani ya maji papo hapo, ya mawe inakaa chini ya sufuria ikiisha polepole. Penisilini ya kawaida ya sindano, ambayo wengi wanaijua kwa jina la kristapeni, hutoka mwilini ndani ya saa chache. Benzathini hukaa ndani ya msuli wa paja au wa nyonga kama akiba ya punje ndogo zinazoyeyuka siku baada ya siku, zikitoa kiasi kidogo sana cha dawa kwenye damu. Kiasi hicho hakitoshi kutibu ugonjwa mzito, lakini kwa streptokokasi anayejaribu kuota kooni kinatosha. Mtu mzima na mtoto mkubwa hupewa yuniti 1,200,000, na mtoto mdogo, kwa kawaida aliye chini ya kilo 27 au 30 kutegemea mwongozo wa nchi, hupewa nusu yake.

Akiba hiyo ina mwisho. Kufikia wiki ya tatu kiwango cha dawa kinashuka, na kufikia siku ya 28 kwa wengi kimefika ukingoni. Ndiyo maana baadhi ya madaktari huamuru sindano kila baada ya wiki tatu kwa wagonjwa walio katika hatari kubwa zaidi, hasa waliopata shambulio jipya ingawa hawakukosa sindano hata moja.

Naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo kinga nyingi huvunjika bila mtu yeyote kukusudia. Tumchukue msichana wa miaka 11, wa darasa la tano, aliyechomwa sindano yake ya kwanza Jumatatu tarehe 6 Januari 2025. Nyumbani wameambiwa "kila mwezi". Kwa hiyo mama yake, ambaye ni mwaminifu kabisa, anamleta tarehe 6 Februari, tarehe 6 Machi, tarehe 6 Aprili, na hakosi hata mara moja. Kati ya tarehe 6 Januari na tarehe 6 Februari kuna siku 31, maana yake siku tatu za mwisho mtoto hakuwa na kinga ya kutosha. Ukijumlisha mwaka mzima, siku hizo zinafika 29. Mama amekuja mara 12 bila kukosa, na mtoto ameishi karibu mwezi mzima bila ulinzi. Angehesabu kwa wiki nne, sindano ya pili ingekuwa Jumatatu tarehe 3 Februari, ya tatu Jumatatu tarehe 3 Machi, ya nne Jumatatu tarehe 31 Machi, na mwaka ungekuwa na sindano 13. Siku ya wiki haibadiliki, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kukumbuka: kama alianza Jumatatu, kila sindano ni Jumatatu. Neno "kila mwezi" ningependa lifutwe kabisa katika kadi hizi.

Ikiwa Jumatatu hiyo ni sikukuu, au familia inasafiri, ni afadhali kuwahi kuliko kuchelewa. Kuchoma siku ya 21 au ya 24 hakuna madhara, na hesabu inaanza upya siku hiyo. Na aliyechelewa wiki moja au mbili asikae nyumbani kusubiri tarehe inayofuata kwa kuogopa kugombezwa. Anachomwa siku anayofika, dozi ileile, bila kurudufu.

Je, itaendelea mpaka lini? Muda hutegemea moyo ulivyoguswa. Mwongozo unaotumika katika nchi nyingi husema hivi: aliyepata homa bila moyo kuguswa aendelee miaka mitano tangu shambulio la mwisho au mpaka afikishe miaka 21, ambaye moyo uliguswa lakini vali zikarudi kuwa nzima, miaka kumi au mpaka miaka 21, na ambaye vali zimebaki na kasoro, miaka kumi au mpaka miaka 40, na wengine maisha yote. Kila mara huchukuliwa muda ulio mrefu zaidi. Ipo miongozo mingine inayotaja miaka 18 na 25, kwa hiyo mzazi asishangae akisikia namba tofauti katika hospitali mbili. Msichana wetu, kama moyo wake haukuguswa, angetimiza miaka mitano mwaka 2030 akiwa na miaka 16, lakini angeendelea mpaka 21. Kama mitrali yake imebaki inavuja, safari yake inafika miaka 40, yaani sindano zaidi ya 370. Na neno "shambulio la mwisho" lina uzito wake: akiacha sindano akiwa na miaka 15 na ugonjwa ukarudi, miaka kumi inaanza kuhesabiwa upya, safari hii kwa moyo ulioumia zaidi.

Umri unatajwa kwa sababu mafindofindo ya streptokokasi ni ugonjwa wa utotoni na wa msongamano: madarasa ya watoto sabini, mabweni, nyumba ambayo watoto wanne wanalala kitanda kimoja. Mtu anapokua hukutana na bakteria huyo mara chache zaidi, na kadiri miaka inavyopita tangu shambulio, uwezekano wa ugonjwa kurudi hupungua. Kwa sababu hiyohiyo, mtu mzima anayefundisha shule ya msingi, anayehudumia wagonjwa au mwenye watoto wadogo nyumbani anaweza kushauriwa kuendelea zaidi.

Ushahidi wenye nguvu wa miaka ya karibuni umetoka hapa kwetu, kaskazini mwa Uganda. Katika eneo la Gulu, watafiti walipima watoto wa shule kwa eko na kuwapata waliokuwa na dalili za awali za kuharibika kwa vali bila wao kujua. Watoto na vijana 818 wa umri wa miaka 5 hadi 17 waligawanywa kwa kura: nusu wakachomwa benzathini penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, na nusu wakafuatiliwa bila sindano. Mwishoni, miongoni mwa waliochomwa, walioonekana kuendelea kuharibika moyo walikuwa 3 kati ya 399. Miongoni mwa wasiochomwa walikuwa 33 kati ya 400. Watoto hao wote walionekana wazima, na wasingepimwa eko hakuna ambaye angewatofautisha na wenzao uwanjani.

Yapo maneno mitaani yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba dawa ikitumika miaka mingi bakteria watakuwa sugu. Hofu hiyo ni ya haki kwa dawa nyingi, lakini streptokokasi wa kundi A ni wa ajabu: baada ya zaidi ya miaka 70 ya kutumia penisilini, hajapatikana katika matibabu ambaye dawa hii inashindwa kumuua. La pili ni kwamba sindano inaharibu uzazi. Haiharibu, na mjamzito mwenye tatizo hili huendelea nayo kwa sababu haimdhuru mtoto aliye tumboni. Uvumi huu huwaumiza hasa wasichana, kwani anayeonekana zahanati kila baada ya wiki nne akichomwa sindano hushukiwa kwamba anatumia uzazi wa mpango, na wapo wanaoacha kwa aibu tu. Muuguzi anayemwita kwenye chumba chake badala ya kumsimamisha kwenye foleni ya akina mama anamwokolea moyo wake. La tatu ni kwamba kukata kimeo, au kuondolewa mafindofindo kwa upasuaji, kunamaliza tatizo. Streptokokasi hahitaji kimeo wala mafindofindo ili aishi kooni, na kisu cha mkata kimeo kimewaletea watoto damu nyingi na maambukizi. La nne ni kwamba aliyebadilishiwa vali hahitaji tena sindano. Anazihitaji, kwa kuwa vali nyingine na misuli ya moyo bado ni zilezile. Ila kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie muuguzi kabla ya kuchomwa, ili kipimo cha damu kiangaliwe na msuli usivilie damu.

Kuhusu maumivu, tusiwadanganye watoto. Sindano hii inauma. Ni unga unaochanganywa na maji ya sindano ukawa mzito na mweupe kama maziwa, na ukiachwa hutuama na kuziba sindano katikati ya kazi, kisha mtoto anachomwa mara ya pili. Muuguzi mzoefu huichanganya, akaitikisa na kuichoma papo hapo. Huibonyeza sehemu ya kuchoma kwa kidole gumba sekunde kadhaa kabla, kisha huisukuma dawa polepole kwa dakika mbili au zaidi. Kuchanganya na dawa ya ganzi, lidokeini, hupunguza maumivu sana, na mzazi ana haki ya kuuliza kama ipo. Kamwe dawa hii haichomwi kwenye mshipa wa damu.

Hofu kubwa zaidi ni ya kifo baada ya sindano. Mzio mkali wa penisilini upo, ni nadra sana, na kila chumba cha kuchomea kinapaswa kuwa na adrenalini karibu. Aliyewahi kupata vipele vya ghafla, kuvimba midomo au kubanwa pumzi baada ya penisilini lazima aseme. Lakini mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza jambo ambalo wahudumu wengi walikuwa wakilishuku: sehemu ya vifo vilivyodhaniwa kuwa vya mzio viliwapata watu wenye vali zilizoharibika vibaya, ambao maumivu na hofu viliushusha msukumo wa damu ghafla mpaka moyo wao dhaifu ukashindwa kuhimili. Kwa wagonjwa wa namna hiyo, walio na vali iliyobana sana, moyo unaosukuma kwa udhaifu au wanaokosa pumzi hata wakitembea kidogo, ushauri ni kutumia vidonge vya penisilini mara mbili kwa siku. Wenye mzio hupewa eritromaisini. Vidonge kwa wengine wote ni chaguo la pili, kwa sababu kidonge cha kila siku kwa miaka kumi husahaulika upesi kuliko sindano ya wiki nne. Na kwa kila mgonjwa, ni vyema awe amekula na kunywa maji, achomwe akiwa amelala, na apumzike hapohapo robo saa.

Msichana wetu akifikisha miaka 21, kadi peke yake haimruhusu kuacha. Anasikilizwa moyo, anapimwa eko, na picha ya mitrali yake inalinganishwa na ile ya mwaka 2025. Kwa wengi walioanza na uvujaji mdogo na kutokosa sindano, daktari hukuta uvujaji umepungua au haupo tena. Akiridhika, anaandika tarehe ya sindano ya mwisho na kumpangia eko nyingine baada ya mwaka mmoja.